Kigingi cha Tufe

Mwalimu wetu wa sayansi, ambaye pia alitufundisha michezo, alianza somo la tufe kwa kuvunja boga.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule ya misheni iliyokuwa juu kidogo ya Baraka, mahali ambapo ziwa lilionekana kupitia madirisha yote ya upande wa mashariki. Alituweka kwenye duara uani, akalaza boga kubwa la njano chini, akapanda kwenye benchi na tufe la chuma mkononi. Halikuwa kubwa, lingetosha kwenye bakuli la mboga. Aliliachia tu, hakulisukuma. Boga likapasuka vipande, mbegu zikaruka hadi kwenye miguu yetu, na tufe likabaki limezama nusu kwenye udongo.

Tulicheka, na yeye alingoja tumalize. Kisha akasema kwamba hapo hakutumia nguvu yoyote, kwamba uzito wenyewe ndio uliofanya kazi, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayesimama mbele ya anayerusha, hata kama anayerusha ni dhaifu, hata kama yuko mbali. Alirudia neno hilo, hata kama yuko mbali. Sikulielewa mpaka baadaye.

Alikuwa Mubembe wa milimani, kijana bado, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amesoma ualimu Bukavu na huko alikuwa ameona gazeti lenye picha za warushaji wa Ulaya na Amerika. Katika picha hizo mrushaji alianza akiwa amegeuza mgongo kule tufe linakokwenda. Hilo lilitushangaza. Sisi tulikuwa tukisimama ubavu, tukikunja mkono, tukisukuma kwa bega kama mtu anayefungua mlango uliokwama.

Kati yetu alikuwepo mwenzetu mmoja kutoka Ubwari, mtoto wa wavuvi. Alivuka ziwa kwa mtumbwi kila mwanzo wa muhula, na mfuko wake ulinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, hadi Noeli. Mabega yake yalikuwa yamejengwa na nyavu. Kila mtu alijua kwamba angekuwa mrushaji wetu katika sikukuu ya michezo, ambapo shule yetu ilishindana na ile ya Fizi mbele ya Bwana Administrateur, mzungu aliyetawala teritware yetu, wilaya nzima. Na kila mtu alijua alichokuwa akikitafuta pale. Padri mkuu alikuwa ametangaza kwamba atakayeshinda tufe angepelekwa Bukavu kwenye michezo ya mkoa, na kwamba yeye mwenyewe angemwombea nafasi katika shule ya ualimu huko. Mwenzetu hakuwa na alama za kumpeleka Bukavu kwa njia nyingine. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mwaka huo ukiisha, kama hakuna nafasi, arudi kwenye nyavu.

Basi tulifundishwa wote, lakini tulifundishwa kupitia mwili wake.

Jambo la kwanza lilikuwa nguvu. Mwalimu alimkalisha kwenye kiti na kumwambia asukume tufe kwa mkono peke yake. Likaanguka karibu sana, na sisi tukapiga kelele za dharau. Akamsimamisha asukume bila kukunja magoti. Likaenda mbele kidogo. Akamwambia akunje magoti, asukume ardhi kwanza, kiuno kigeuke, kifua kifuate, kisha bega, mkono, na mwisho vidole. Kila tufe lilipoanguka nilichomeka kijiti. Vijiti vilipangana mbele yetu kama ngazi iliyolazwa chini, na hatukuhitaji maneno mengi kuona kwamba mkono ndio unaomaliza kazi, lakini kazi yenyewe inaanzia miguuni.

Ili tuelewe kwa nini mgongo unageuzwa, alileta kigari cha misheni cha kubebea matofali. Wenzetu wawili walikisukuma kwa nguvu zao zote hatua moja tu, wakakiachia, kikasimama upesi. Walipokisukuma kwa nguvu ileile njia ndefu kabla ya kukiachia, kilikimbia chenyewe hadi kwenye ukuta wa jikoni na kumtoa mpishi nje. Mwalimu alisema ndivyo ilivyo kwa tufe. Ukianza umegeuza mgongo, umeinama, ukateleza nyuma kuvuka duara, tufe linasukumwa njia ndefu zaidi, na linatoka mkononi na mwendo mkubwa zaidi. Na mwendo ndio mfalme. Ukiongeza mwendo kidogo, umbali unaongezeka sana.

Siku nyingine tulishuka ziwani. Alimwambia mwenzetu asimame ndani ya mtumbwi ulioelea kwenye maji ya magoti na asukume tufe kutoka pale. Mtoto wa Ubwari alisimama mtumbwini kama mtu aliyesimama nyumbani kwao. Alisukuma kwa nguvu zote. Mtumbwi ukakimbia nyuma, yeye akachutama kuushika, na tufe likaanguka majini karibu kabisa. Alicheka kuliko sisi. Mwalimu akaeleza kwamba ardhi ndiyo inayomrudishia mrushaji msukumo wake, na mtumbwi haukuweza kumrudishia. Tulilitafuta tufe kwa miguu ndani ya matope, na nakumbuka lilivyokuwa baridi nilipoligusa.

Jambo la pili lilikuwa pembe. Alipandisha ndoo ya maji kwenye kenchi za ukumbi, akaunganisha mpira mwembamba wa zahanati, nasi tukaelekeza maji juu kutoka chini kabisa. Nilishika ile pembe kubwa ya mbao ya ubaoni, yenye digrii zilizochorwa, na katikati yake nilikuwa nimening'iniza uzi wenye risasi ya wavu ili nijue wima iko wapi. Maji yaliyolala yalianguka karibu. Yaliyosimama sana yalipanda vizuri lakini nayo yalianguka karibu. Yaliyokwenda mbali kuliko yote yalikuwa ya digrii arobaini na tano, nusu ya pembe mraba, kama kitabu kilivyosema.

Kisha akaweka mdomo wa mpira juu ya meza, na ndoo nayo akaipandisha kwa kiasi kilekile ili nguvu ya maji isibadilike. Sasa yaliyofika mbali zaidi yalikuwa yamelala kidogo chini ya arobaini na tano. Alituuliza kwa nini. Mtoto wa Ubwari ndiye aliyejibu, kwamba maji yanaanza juu na yanaishia chini, kwa hiyo tayari yana muda wa ziada hewani, hayahitaji kupanda sana. Mwalimu akasema ndivyo, na mkono wa mrushaji ni hiyo meza.

Akaongeza sababu nyingine. Alimlaza mmoja wetu chali na kumpa mfuko wa unga wa muhogo ausukume juu, kisha akamkalisha ausukume mbele juu ya benchi laini. Kusukuma juu ni kupigana na uzito wote. Kwa hiyo kadiri unavyoinua pembe, ndivyo mkono unavyozidi kuwa mzito na mwendo unavyopungua. Alisema kwamba kwa sababu hizo mbili, mrushaji mzuri anaachia tufe kwenye digrii arobaini hivi, wakati mwingine chini yake kidogo. Akasimika mianzi miwili mirefu mbele ya duara na kufunga kamba katikati. Tufe lilipaswa kupita juu kidogo tu ya kamba. Likipita chini, pembe imelala. Likipita juu sana, pembe imesimama.

Mwenzetu alifanya kazi hiyo kila alasiri. Mara ya kwanza aliiangusha mianzi. Baadaye tufe lilianza kupita palepale, juu ya kamba, kama ndege anayejua njia yake, na mahali lilipoanguka palianza kusogea. Nilikuwa mshika utepe. Kwa miezi kadhaa niliona namba zikipanda polepole, na wiki chache kabla ya sikukuu zikaruka. Kutoka mita tisa na kitu, mwenzetu alifika kumi na moja, kisha kumi na mbili. Siku ile ya kwanza ya kumi na mbili hakuna aliyeshangilia. Tulisikia tu mshindo, mzito, wa chini chini, kama kitu kilichoanguka ndani ya nyumba ya jirani.

Hapo lazima nieleze desturi ya kigingi.

Sikukuu ilifanyika kwenye uwanja wa Baraka, karibu na ziwa. Kila mwaka tufe lililokwenda mbali kuliko yote liliwekewa kigingi cha mti mgumu, na kigingi kilibaki pale mwaka mzima. Mbuzi walijikuna nacho. Mwaka uliofuata karani wa teritware alipokuja kujenga kibanda cha wageni, kwa nguzo na makuti, hakupima kitu kingine chochote. Alisimama kwenye kigingi, akatembea hatua chache mbele, akasema hapa. Bwana Administrateur alipenda kuona tufe likianguka mbele ya miguu yake. Na mbele ya viti, juu ya mikeka, walikalishwa watoto wadogo wa darasa la kwanza walioimba nyimbo za kuwapokea wageni. Kwa miaka yote desturi hiyo ilikuwa haina ubaya, kwa sababu tulisukuma kwa mabega, na kila mwaka kigingi kilisogea kiganja kimoja tu au hakikusogea kabisa.

Siku moja kabla ya sikukuu mwalimu alinichukua uwanjani na utepe. Kibanda kilikuwa kimesimama tayari, makuti bado mabichi. Tulipima kutoka kwenye duara hadi kwenye kigingi: mita tisa na nusu. Tukapima hadi kwenye mikeka, ambayo ilikuwa imekwisha kutandikwa na kuwekewa mawe pembeni ili upepo usiichukue. Mkeka wa mbele ulianzia mita kumi na moja. Nilisoma namba, yeye akaja kuisoma mwenyewe. Upepo wa ziwa ulikuwa unainua kona za mikeka na kuziachia, kuinua na kuziachia.

Karani alikuwa pale, kofia nyeupe, akisimamia wanaume waliofunga makuti ya mwisho. Mwalimu alimsalimu kwa heshima na kumweleza. Alimwambia kwamba mwaka huu kuna mrushaji anayefika kwenye mikeka, na zaidi. Karani aliangalia kigingi, akaangalia mikeka, akacheka na wanaume wake.

"Mwalimu, mi niko najenga hapa miaka mingi. Ile chuma haijapita kigingi hata mwaka moja. Sasa mutoto ya ndagala atairusha mupaka ku miguu ya Bwana Administrateur?"

"Atairusha kupita pale, Bwana Karani. Nimepima."

"Basi umwambie aache nguvu kidogo. Mi siwezi ngoa nguzo kwa ajili ya hesabu."

Mwalimu alimwomba walau watoto wahamishwe ubavuni. Karani alisema kwamba Bwana Administrateur mwenyewe ndiye aliyetaka watoto mbele yake, na anayetaka kubadilisha aende Fizi akamwambie. Wanaume juu ya paa walikuwa wameacha kucheka. Mtu aliyemwambia mzungu mahali pa kuweka viti vyake alijulikana ataishia wapi, na mwalimu hakuwa na umri wala cheo cha kumkinga na kiboko. Tulirudi, akaenda kwa padri mkuu. Nilingoja nje. Alipotoka alisema tu kwamba padri anaamini tutakuwa waangalifu.

Asubuhi ya sikukuu watoto walikuja na nguo nyeupe. Walikaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, wa mbele nyayo zao zikitazama duara. Nyuma yao Bwana Administrateur, mke wake, padri mkuu, machifu, wafanyabiashara wa Kiislamu wa Baraka wenye kanzu safi. Mimi nilisimama na utepe na bendera ndogo. Mwenzetu alinijia kabla ya mashindano, akijifanya anataka kitambaa cha kupangusa mikono.

"Ule mukeka ya mbele iko ku ngapi?" aliuliza bila kuuangalia.

"Kumi na moja."

Alipangusa mikono yake polepole, kidole kwa kidole.

"Na mwalimu alisema?"

"Walikataa."

Alirudisha kitambaa.

Kila mmoja alikuwa na nafasi tatu. Mrushaji wa Fizi alikuwa mwanaume hasa, mwenye ndevu, na wenzake walimpigia ngoma. Alisukuma kwa bega, kwa namna ya zamani, na kwa nguvu zake tu akakipita kigingi kwa upana wa mkono. Uwanja ulilipuka. Walianza kumkejeli mwenzetu kwamba yeye amezoea kuvuta, sasa hapa ni kusukuma, na kwamba kama amechoka waende wamletee wavu.

Nafasi ya kwanza mwenzetu aligeuza mgongo, na kejeli zikageuka kicheko, kwa sababu watu hawakuwahi kuona mtu anayerusha kitu bila kukitazama kinakokwenda. Hakuteleza. Alisimama tu akajizungusha nusu nguvu. Nilijua, kwa sababu nilijua mwili wake. Tufe lilianguka sambamba na lile la mwanaume wa Fizi, likabingirika. Lilibingirika polepole juu ya udongo mgumu hadi kwenye mkeka wa mbele, na mtoto mmoja wa kike akaweka nyayo zake juu yake kulisimamisha. Watoto walicheka. Bwana Administrateur alipiga makofi na kusema kitu, na karani akakitafsiri kwa sauti: tufe lije karibu zaidi, lije kumsalimu.

Nafasi ya pili alifanya vilevile, likapungua kidogo. Mwanaume wa Fizi kwa nafasi yake ya pili akaongeza karibu nusu mita, na ya tatu akapunguza. Basi ikabaki nafasi moja ya mwenzetu, na mita kumi za kupita. Kila mtu uwanjani alijua hesabu hiyo. Ila sisi watatu tulijua nyingine: kwamba hakuwa na namna ya kupunguza. Mwili uliofundishwa haujui kati ya nusu nguvu na nguvu zote. Akiteleza, akigeuka, tufe litapita juu ya kamba ambayo haikuwepo, na litaenda lilikozoea kwenda.

Alisimama ndani ya duara, mgongo kwetu, uso kwa ziwa, tufe shingoni chini ya taya. Alikaa hivyo muda mrefu. Mbele ya mikeka nilikuwa nimeshika bendera, na nilipogeuka niliona watoto wamejisogeza mbele, kwa sababu walitaka tufe liwafikie tena. Yule mtoto wa kike alikuwa ameinua nyayo zake tayari.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni. Aliondoa mikono mifukoni.

Kisha mwenzetu akainama, akateleza, na kila kitu kilikuwa sawa: mguu, kiuno, kifua. Nilisikia pumzi yake. Nilifungua mdomo kuwapigia watoto kelele. Na kwenye mkono, mwishoni kabisa, aliinua. Tufe lilipanda. Lilipanda kama linataka kuondoka, watu wote wakainua nyuso, Bwana Administrateur akashika kofia yake. Lilikaa juu kwa muda ambao bado ninausikia. Kisha likaanguka mbele kidogo ya kigingi cha zamani, bila kufika mita kumi, kwa mshindo ambao watoto waliusikia kwenye mkeka, kwa sababu waliacha kucheka wote pamoja.

Sikuhitaji pembe ya mbao. Ilikuwa digrii sitini au zaidi.

Uwanja ulimcheka hadi jioni. Watu wa Fizi waliimba kwamba mtoto wa Ubwari alikuwa anawinda popo. Mwanaume wa ndevu alipewa kitambaa cha ushindi na jina lake likaandikwa kwa ajili ya Bukavu. Karani alipigilia kigingi kipya kwenye mita kumi, kwa mikono yake mwenyewe, na akampitia mwalimu akiwa na nyundo bado mkononi.

"Umeona, Mwalimu? Hesabu yako ilienda juu kwa Mungu."

Wageni walipoondoka kibanda kilibaki, na mikeka ikaondolewa. Alama zake zilibaki kwenye vumbi, mistari iliyonyooka. Tulikuwa watatu uwanjani, tukikusanya vitu vya shule. Mwenzetu aliokota tufe. Hakuna aliyemwomba. Aliingia kwenye duara, akageuza mgongo, na safari hii hakukaa muda mrefu. Tufe lilipita pale kwenye kamba isiyokuwepo. Lilitua ndani ya alama ya mkeka wa pili, likachimba shimo, na halikubingirika.

Tulikwenda kuangalia. Shimo lilikuwa na kina cha vidole vinne. Mwenzetu alilitazama, akainama akatoa tufe, akalipangusa kwenye suruali.

"Basi, Mwalimu," alisema. "Mi nilitaka kuona tu kama ni kweli."

"Ni kweli," mwalimu alisema.

Kisha mwalimu mwenyewe alirudi kwenye mita kumi, akakitikisa kigingi cha karani huku na huku mpaka kikalegea, akaking'oa. Akakileta kwenye lile shimo na kukipigilia kwa tufe lenyewe, mara nyingi, mpaka kikasimama imara. Nyuma, mahali pa kigingi, alifukia kwa mguu na kusawazisha vumbi kwa kiganja.

Muhula ulipoisha mwenzetu alivuka kwenda Ubwari. Hakurudi shuleni. Nilisikia ana mitumbwi, ana watoto.

Mwaka uliofuata karani alikuja na wanaume wake na makuti. Nilikuwa pale kwa sababu mwalimu alinituma kufyeka majani. Karani alisimama kwenye kigingi, akaangalia duara, akaangalia kigingi tena. Kisha akatembea hatua zake chache mbele, kama kila mwaka, akafika karibu na barabara ya Mboko, akasema hapa, na wanaume wakaanza kuchimba.

Mwalimu alipoanza somo la tufe mwaka huo, alileta boga tena.